Usijivike taaluma ya msaili wako

Kuna ushauri unazunguka kwenye magrupu ya ajira hapa Mwanza, na kila unaposambazwa unanichoma. Unasema hivi: ukiitwa kwenye usaili, tafuta jina la atakayekusaili, fungua profaili yake ya LinkedIn, kisha ya kwako uifanye ifanane na yake. Kama ameandika HACCP, ule mpango wa viwanda vya chakula wa kudhibiti hatari za usalama, na wewe andika HACCP. Kama anajiita mtaalamu wa mnyororo wa baridi, yaani kutunza ubaridi wa chakula hatua zote hadi sokoni, na wewe jiite hivyo hivyo. Ati ataona mnafanana, atakupenda.

Sehemu ya kwanza ya ushauri huo ni sahihi kabisa. Profaili ya msaili isomwe, tena isomwe vizuri. Sehemu ya pili inawaponza vijana, kwa sababu eneo alilobobea msaili ndilo eneo ambalo ana maswali ya tatu na ya nne. Mtu yeyote anaweza kuuliza swali la kwanza. Linalofuata baada ya jibu lako analiweza yule aliyeifanya kazi hiyo miaka kumi. Ukijipachika neno lake, umemwita akupime mahali anapokuzidi kuliko kokote.

Chukua mfano wa kubuni, lakini wa aina inayojulikana hapa. Kijana ana stashahada ya maabara. Amefanya kazi miezi minane kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, upande wa mapokezi. Mitumbwi ya kukusanya inaleta samaki kwenye barafu kutoka visiwani, yeye anachoma kipimajoto kwenye nyama nene ya samaki, anasoma, anajaza fomu. Sasa kiwanda kingine kimemwita kwa nafasi ya udhibiti ubora, na barua pepe ya mwaliko imetaja jina la meneja uzalishaji.

Anachopaswa kutafuta kwenye profaili ya meneja ni njia aliyopita, vyeo vyake vina uzito mdogo. Tuseme alianzia kwenye stoo za baridi, akahamia kwenye mstari wa kukata minofu, na anayoyaandika mara kwa mara ni kuhusu mizigo inayochelewa kufungashwa. Hapo unajua anaumwa na nini: samaki wanaosubiri. Swali lake linaweza kuwa, "Kijana, siku joto limezidi kikomo na watu wa minofu wamekaa wanasubiri samaki, ulifanya nini?"

Basi profaili irekebishwe kwa ajili ya swali hilo. Kichwa cha profaili ya kijana, yale maneno yaliyo chini ya jina, kilisema "mtaalamu wa maabara, mchapakazi, mwepesi kujifunza". LinkedIn inakupa herufi 220 pale, na maneno matatu ya kujisifu hayamwambii meneja chochote. Aandike alichofanya: udhibiti ubora, mapokezi ya sangara, upimaji wa joto. Kwenye maelezo ya kazi, mstari wa mapokezi ulikuwa wa nne, chini ya mambo ya usafi na ripoti. Usogezwe juu. Na ile "nilihusika na udhibiti wa ubora" ifutwe, iandikwe: nilipima joto la samaki wanaoshushwa, nikajaza fomu ya kila mzigo, nikatenga mzigo uliozidi kikomo na kumwita msimamizi. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio, na maneno yamekuwa yale ambayo meneja anayatumia kila siku.

Sasa HACCP, maana hapa ndipo watu wanapoangukia. Meneja ameiandika, kijana anatamani kuandika "mtaalamu wa HACCP". Asithubutu. Mpango huo una kanuni 7, kuanzia kuchambua hatari, kutambua vituo muhimu vya udhibiti na kuweka vikomo, hadi ufuatiliaji, hatua za kurekebisha, uhakiki na utunzaji wa kumbukumbu. Anayechoma kipimajoto na kujaza fomu amegusa ufuatiliaji, na kidogo kumbukumbu. Akiulizwa kwa nini mapokezi yalihesabiwa kituo muhimu cha udhibiti, au nani aliweka kikomo kile na kwa msingi gani, atakwama, na akikwama hapo hata kazi aliyoifanya kweli itatiliwa shaka. Aandike kwamba alifanya ufuatiliaji wa joto mapokezini ndani ya mpango wa HACCP wa kiwanda. Neno la meneja limo, na kila herufi anaweza kuisimamia. Ziwa Victoria linajua gharama ya samaki wasioaminika usalama wao: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wetu kwa sababu ya sumu iliyotumika kuvulia. Meneja wa kiwanda cha samaki hachukulii mambo hayo kirahisi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: kila mstari uliobadilisha, uweze kuuzungumzia dakika mbili ukitaja kifaa, fomu na mahali. Ukiishiwa maneno kwenye nusu dakika, urudishe ulivyokuwa.

Utaratibu nao una mtego. Ukifungua profaili ya mtu ukiwa kwenye mpangilio wa kawaida, anaweza kuona jina lako na kichwa chako. Kwa hiyo ukimsoma kwanza na kujirekebisha baadaye, ameshaonyeshwa kile kichwa cha "mchapakazi". Nenda "Settings & Privacy", kisha "Visibility", kisha "Profile viewing options", uchague "Private mode". Msome kwa utulivu. Kwa akaunti ya bure, ukiwa humo nawe huoni waliokutembelea, ni gharama ndogo. Rekebisha profaili yako, rudisha mpangilio wa jina, ndipo umfungue tena mara moja. Mara moja inatosha. Kumfungua mara tano kwa siku kunatisha. Na unapohariri kazi uliyowahi kufanya, angalia swichi ya "Notify network" iwe imezimwa, vinginevyo mabadiliko yako yanaweza kutangazwa kwa watu wako kama habari mpya.

Mambo ya kabila, kijiji, dhehebu na shule mliyosoma wote, yaache kabisa. Kama mmesoma chuo kimoja, tayari kimeandikwa kwenye elimu yako.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba wasaili wengi hawafungui profaili ya mtu kabla ya usaili. Wengine hufungua baada ya wewe kutoka, wanapobishana kati ya wawili waliobaki. Na usaili wa serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida haukupi majina ya jopo mapema, kwa hiyo huko haya yote hayana kazi.

Ila sivii yako wanayo mezani, ile ile uliyotuma wiki kadhaa zilizopita, na hiyo huwezi kuibadilisha tena. Ndiyo maana cheo, jina la kiwanda na miezi havibadilishwi kwenye profaili kwa sababu yoyote. Sivii ikisema "msaidizi wa udhibiti ubora, Machi hadi Oktoba" na profaili ikasema "afisa udhibiti ubora, 2023 hadi 2024", hakuna atakayekuuliza ipi ni sahihi. Watachukulia zote mbili ni uongo. Jioni kabla ya usaili pakua profaili yako kwa "Save to PDF", iweke pembeni ya sivii uliyotuma, na upitishe kidole kwenye kila tarehe, moja baada ya nyingine.