Gidamu Moja, Safu Tatu za Mshono: Kuifundisha Modeli Bidhaa ya Duka Lako

Ukiiagiza modeli kubwa ya akili bandia ya kuchora picha ikuonyeshe makubadhi, itakupa ndara za ngozi zinazopendeza macho, ila hazitakuwa makubadhi ya duka lolote la Mombasa. Gidamu zitatokea mbili mahali pa moja, ukanda wa juu utajipanua kadiri utakavyo wenyewe, na nakshi iliyoshonwa kwa mkono itageuka maua yasiyo na mpangilio. Modeli hiyo imesoma picha chungu nzima za ndara za kila namna na picha chache mno za viatu vyetu vya Pwani, kwa hiyo inapokosa kitu halisi hujazia pengo kwa kile inachokijua zaidi. Kuirefushia maelezo hakusaidii sana, kwa sababu maneno “safu tatu za mshono mweupe” yanaweza kuvifaa viatu elfu tofauti, na modeli itachagua mojawapo ambacho si chako.

Ndiyo maana naona kwamba mwenye chapa anayehitaji picha nyingi za matangazo afadhali aifundishe modeli bidhaa yake mwenyewe, lakini kwa sharti ambalo wauzaji wa huduma hii hawalitaji: bidhaa hiyo iwe inafanana pea kwa pea. Nitaeleza kwa mfano wa duka moja la Mji wa Kale ambalo makubadhi yake hukatwa kwa kalibu ileile, yakashonwa kwa uzi uleule, na kupigwa muhuri wa duka kwenye soli ya ndani.

Njia inayotumika zaidi ni LoRA, ambayo watafiti wa Microsoft waliieleza mwaka 2021 kwa ajili ya modeli za lugha, kisha ikahamishiwa kwenye modeli za picha. Haizigusi namba za modeli ya msingi. Huongeza pembeni yake majedwali madogo ya namba, na mafunzo yote hufanyika ndani ya majedwali hayo. Modeli ya msingi kama SDXL huchukua zaidi ya gigabaiti 6, ilhali faili la LoRA huwa megabaiti makumi kadhaa au mia na kitu, na kwa hiyo duka linaweza kuwa na faili moja kwa kila aina ya kiatu. Kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12 hutosha kwa SDXL, na asiyekuwa nayo hukodi mashine ya mtandaoni kwa saa.

Kazi yenyewe imo katika picha. Kwa kubadhi moja, picha 25 nzuri hushinda 200 zilizopigwa ovyo. Zinatakiwa za juu, za ubavuni, za kisiginoni, za karibu zinazoonyesha mshono, na zile ambazo watu husahau: za kiatu kikiwa mguuni, mtu amesimama na mtu anatembea. Modeli iliyoona kiatu kikiwa peke yake mezani tu haijui ukubwa wake wala namna kidole kinavyoishika gidamu, kwa hiyo ikiambiwa imvike mtu huunganisha ngozi ya kiatu na ngozi ya mguu.

Mwanga wetu nao una hila zake. Jua la saa saba mchana huichujua rangi ngozi ya kahawia, na kivuli cha kichochoroni huipaka buluu. Simu nayo hujirekebishia rangi kila picha kwa namna yake. Picha zikiwa hivyo, modeli haiwezi kujua ipi ndiyo rangi ya duka. Dawa ni kuweka kadi ya kijivu pembeni mwa kila picha, kusawazisha rangi za kila picha kwa kadi yake, na kisha kuikata kadi isionekane. Mahali pabadilike pia: picha zote zikipigwa juu ya mkeka mmoja, mkeka utakuwa sehemu ya kiatu.

Baada ya picha huja maelezo yake, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kila picha huwekewa faili la maandishi lenye jina lilelile, na ndani yake huandikwa neno la kuitia, yaani neno lisilo na maana kwa modeli, litakalosimama badala ya kiatu hicho. Yanayofuata huandikwa kwa Kiingereza, kwani modeli hizi za msingi zilifundishwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo:

```
mkbdz sandal, on a woman's feet, stone step, afternoon sunlight, side view
```

Angalia yasiyoandikwa. Hakuna rangi ya kahawia, hakuna mshono, hakuna gidamu. Kinachotajwa katika maelezo hubaki huru na unaweza kukibadilisha baadaye, ilhali kinachoachwa bila kutajwa, huku kikijirudia katika kila picha, huingia ndani ya neno la kuitia. Ngazi ya mawe imetajwa kwa sababu tunataka siku nyingine kiatu kiwe ufukweni Nyali. Mshono haukutajwa kwa sababu hatutaki ubadilike kamwe. Fundi wa kompyuta anayeachia programu iandike maelezo yenyewe, nayo ikaandika “kiatu cha kahawia chenye mishono myeupe” kwenye picha zote 25, ameilegeza ile sifa aliyolipwa aikaze.

Mipangilio sitaisemea sana, maana watu huibishania kuliko inavyostahili. Kwa kiatu kimoja juu ya SDXL naona inafaa kuanza na ukubwa wa majedwali, yaani rank, wa 16, kasi ya kujifunza 0.0001, na hatua zipatazo 2,000, huku faili likihifadhiwa kila baada ya hatua 250. Jambo moja tu nalisisitiza: uzimwe ule mpangilio wa kuzigeuza picha kushoto kulia, unaoitwa `flip_aug` katika baadhi ya programu. Kiatu cha kushoto kikigeuzwa huwa cha kulia na hakuna hasara, lakini muhuri wa duka utasomeka kinyumenyume, na modeli itajifunza herufi zisizokuwapo.

Kwa nini kuhifadhi mafaili mengi? Kwa sababu faili la mwisho mara nyingi silo bora. Chukua agizo moja na namba ileile ya mbegu, yaani namba ambayo modeli huanzia kuchora, uchoreshe picha kwa kila faili, kisha uzipange kwa safu na kiatu halisi kikiwa mezani mbele yako. Katika hatua 500 pengine utaona ndara ya kawaida yenye rangi inayokaribia. Kufikia hatua 1,250 au 1,500, gidamu ni moja na safu tatu za mshono zimekaa mahali pake. Ukifika hatua 2,000, kiatu kinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini umeagiza ufuo na ukaletewa mkeka, umeagiza kiatu kutoka nyuma na kimekuja kwa ubavu uleule wa picha za mafunzo. Hiyo ndiyo dalili kwamba modeli imekariri picha badala ya kukijua kiatu, na dawa ni kurudi kwenye faili la nyuma, au kupunguza nguvu ya LoRA kutoka 1.0 hadi 0.8 wakati wa kuchora. Hukumu hii asipewe mtu wa kompyuta peke yake. Mzee aliyeshona viatu hivi alionyeshwa picha ambayo sote tuliiona safi, akasema, “Mwanangu, hii si kazi yangu. Mimi mshono wa nje naupitisha chini ya ukingo, huu umepita juu.” Ilikuwa kweli, na aliyekuwa ameliona ni yeye tu.

Kuna kikomo ambacho mafunzo hayakivuki, nacho ni hesabu tu. SDXL haichori pikseli moja moja. Hufanya kazi kwenye picha iliyobanwa, ambamo kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 huwa nukta moja. Chukua picha ya mwanamke aliyesimama wima katika pikseli 1,024. Kiatu chake kitakuwa na urefu wa pikseli 100 hivi, yaani nukta 12 au 13. Mshono wenye vitobo 30 hauwezi kukaa ndani ya nukta 13, hata modeli ingefundishwa mwaka mzima. Kitakachotokea ni ukungu unaofanana na mshono. Njia inayofanya kazi ni kukata eneo la miguu, kulikuza hadi pikseli 1,024, kulichoresha upya kwa LoRA ileile, na kulirudisha mahali pake. Kwa tangazo ambalo kiatu ndicho mhusika, ni rahisi zaidi kuagiza picha ya karibu tangu mwanzo.

Muhuri wa duka na maandishi yote mengine nashauri yasiachiwe modeli hata kidogo. Yabandikwe baadaye kutoka faili halisi la chapa, kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kufundisha modeli kila kitu kilichopo dukani. Muuza leso wa Barabara ya Biashara aliniuliza kama naye afanye hivi, nikamjibu hapana. Leso ni pindo, mji na jina, na jina likikosewa herufi moja leso hiyo haipo duniani. Tena doti mpya huingia kabla modeli ya doti ya zamani haijalipa gharama yake. Kwake yeye inatosha kuipiga picha leso yenyewe na kuibadilisha mandhari ya nyuma tu, bila kuigusa nguo. Hali ni hiyohiyo kwa fundi ambaye kila pea yake ina nakshi ya peke yake. Modeli itajifunza wastani wa nakshi zote, na huo wastani hakuna mteja atakayeukuta rafuni. Hata viatu vya kalibu, ukichanganya aina tano zinazokaribiana katika LoRA moja, huanza kuazimana mikanda.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Kulinda Wateja ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na sioni kwa nini picha ya kiatu chenye gidamu ambayo hakina ihesabiwe kuwa pambo tu. Kwa hiyo pale Mji wa Kale wamekubaliana hivi: picha zilizochorwa ni za mabango na kurasa za matangazo, na kila moja hupita kwa yule mzee kwanza. Ukurasa wa kununulia, wenye bei na saizi, una picha za kamera pekee. Na mwaka huu wanapobadilisha soli ya ngozi kuwa ya mpira, faili la zamani linawekwa kando na picha 25 zinapigwa upya, kwani modeli itaendelea kuchora soli ya ngozi hadi ifundishwe nyingine.