Sosi ya samaki: punguza kwanza, uzito baadaye

Mie nasema hivi na ntaendelea kusema: sosi nyingi za samaki tunazopika kwenye mahoteli ya huku Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Paje, ni nzito lakini samaki hayumo. Ukichovya kijiko inashika vizuri, inang'aa, ila ukionja unapata unga na chumvi basi. Na sababu yake si ngumu kuijua. Asubuhi wakishatoa minofu, vichwa na mifupa vinaenda kwenye ndoo ya taka, mchana mtu anavunja kidonge cha supu kwenye maji moto, akiona bado jepesi anatia kornflawa. Uzito kaupata, lakini ladha haikuwepo tangu mwanzo na unga hauwezi kuileta.

Inaniuma kwa sababu sisi ndo hatuna kisingizio. Hoteli ikinunua chewa au changu mzima pale Malindi, mjini Unguja, ukishatoa minofu kinachobaki ni karibu nusu ya samaki, mara nyingi hata zaidi, na pesa yake ishalipwa. Hicho kilichobaki ndo unachochemsha kupata stoki, ile supu ya mifupa ambayo sosi inajengwa juu yake. Lakini si kila samaki jamani. Chewa, changu na wenzao wa nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi ndo wanaofaa, jodari, kibua na nguru waache kabisa, mafuta yao yakichemka stoki nzima inanuka na huwezi kuirudisha. Ng'oa mashavu yote kichwani, maana yamejaa damu na yanatia uchungu, kwangua damu ile nyeusi inayokaa kwenye uti wa mgongo kwa ndani, kisha loweka mifupa kwenye maji ya barafu kama nusu saa, ukiona maji yamekuwa mekundu mwaga uweke mengine.

Sasa vipimo. Mie kwa mifupa kilo 5 natia maji lita 6, na mboga nusu kilo: vitunguu maji, seleri na mabua ya kotmiri, karoti sitii kwa sababu stoki hii naitaka nyeupe. Watu wengi wanakosea hapa, wanachukua vichwa vitatu wanajaza sufuria ya lita ishirini maji mpaka juu, halafu wanashangaa mbona haina kitu. Maji yapite juu ya mifupa kidogo tu, upana wa vidole viwili hivi unatosha. Mboga zikaange kwanza na siagi kidogo kwa moto mdogo, zilainike zisigeuke rangi, tia mifupa, halafu maji ya baridi.

Baridi, sio ya birika. Kuna protini ndani ya mifupa na nyama zinazoyeyuka kwenye maji baridi, maji yakipanda joto taratibu zinaganda zikiwa zinashikana na kuelea juu kama povu la kijivu, na hilo unaliona na unaliondoa. Ukianza na maji yanayochemka zinaganda papo hapo vipande vidogo vidogo vinavyozagaa ndani, hapo hakuna chujio litakalokusaidia. Kwahiyo dakika zile kumi za mwanzo usiende popote, simama na upawa na bakuli la maji pembeni. Engua povu kila likija, pita kando kando ya sufuria ambapo linakusanyika, usichote katikati na usikoroge, ukikoroga unalirudisha chini. Moto uwe wa kutoa kijipovu kimoja kimoja, pahala pamoja pa sufuria, sio sufuria nzima kutokota, maana ikitokota mafuta na taka zinapigwapigwa zinachanganyika na maji na ndo ile stoki yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele.

Kijana mmoja jikoni aliwahi kuniuliza, "Shefu, si tuiache masaa matatu kama ya kuku itoke vizuri?" Hapana. Mifupa ya kuku inahitaji masaa matatu manne, ya ng'ombe sita na kuendelea, ila ya samaki ni laini na myembamba, ndani ya nusu saa ishatoa kilicho kizuri, ukipita dakika arobaini na tano inaanza kuachia madini yake, stoki inakuwa na ukungu na ladha kama chaki yenye uchungu kwa mbali. Zima ikifika nusu saa, iache itulie kidogo, kisha chota kwa upawa upitishe kwenye chujio lenye kitambaa. Usiimimine sufuria nzima kwa nguvu na usiyakamue mabaki, kazi yote ya kuengua utakuwa umeitupa. Utapata kama lita 5.

Hapa ndo penye roho ya jambo lenyewe, kupunguza, yaani kuichemsha stoki mpaka maji yake mengine yaondoke na mvuke. Lita hizo 5 nazirudisha jikoni kwenye sufuria pana, pana kwa sababu maji yanatoka kwa juu na uso ukiwa mkubwa kazi inakwenda haraka, nazishusha mpaka lita 2 na nusu. Sufuria zetu za bati uzuri wake kuta zimenyooka, kwahiyo chovya mpini wa mwiko mpaka chini kabla hujawasha, tia alama maji yalipofika, tia nyingine nusu yake, ukifika hapo umemaliza, hakuna kubahatisha. Moto unaweza kupanda sasa kwa sababu mifupa haimo na mafuta ushayatoa, lakini endelea kuengua, na kuta za sufuria zifute kwa brashi yenye maji, ule utando unaokauka pembeni ukiungua unaingia ndani na sosi yote inakuwa na ladha ya moshi. Usiishushe mpaka iwe kama gundi kama wanavyofanya stoki ya ng'ombe, ya samaki ikipita hapo ukali wa samaki unazidi. Utajua iko sawa ukidondosha kijiko kimoja kwenye kisahani ukitie ndani ya frija, ikipoa inakuwa inanata vidoleni, hiyo ni jelatini ya vichwa na ngozi, na ndo inayompa mlaji ule mwili mdomoni ambao kornflawa haiwezi kuuiga.

Na chumvi? Hata chembe, mpaka mwisho kabisa. Ukipunguza nusu, kilichokuwa ndani kinakuwa mara mbili, chumvi nayo. Hii ndo sababu kidonge cha supu ni adui wa sosi, kinakuja na chumvi nyingi tayari, huwezi kukipunguza, umefungwa, njia pekee iliyobaki ni unga. Tena kuna jambo la huku kwetu ambalo mashefu wanaotoka nje hawalijui: visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi chumvi. Ukiyanywa unaona yanavumilika, lakini lita 6 zikishakuwa 2 na nusu ile chumvi imezidi mara mbili, na hapo hujatia kitu. Stoki ipikwe kwa maji matamu, yale yale unayopikia chai, hata kama mhasibu atanuna.

Baada ya hapo ndo tuzungumze uzito. Kwa lita 2 na nusu natumia siagi gramu 125 na unga wa ngano gramu 125, sawa kwa sawa kwa mizani sio kwa kikombe, maana kikombe cha unga na cha siagi havilingani uzito. Hiyo ni gramu 50 za unga kwa lita, wengine wanafika 60, mie nabaki chini kwa sababu stoki ishapunguzwa na jelatini inasaidia. Siagi iyeyuke, tia unga, koroga kwa moto mdogo dakika nne tano mpaka ile harufu ya unga mbichi igeuke kama ya biskuti na rangi iwe ya nyasi kavu, isiende kahawia, kwanza sosi ya samaki haitaki, pili ruu, yaani huo mchanganyiko wa siagi na unga, kadiri unavyoikoleza rangi ndivyo nguvu yake ya kushika inavyopungua. Iache ruu ipoe kidogo halafu stoki ya moto itie kidogo kidogo huku unapiga na mchapo. Vyote viwili vikiwa vinachemka unapata madonge, unga wa nje unaiva kabla wa ndani haujaonja maji.

Ikishachanganyika wengi wanazima, na hapo ndo inabaki na ladha ya uji. Iache ichemke polepole dakika ishirini mpaka thelathini, na sufuria isogeze ikae nusu tu juu ya moto. Upande wa moto utachemka, upande wa pili utando na mafuta vitajikusanya vyenyewe, wewe unaengua upande huo mmoja tu. Sosi itakuwa laini kama hariri na unga hutausikia tena, ichuje mara ya mwisho.

Kornflawa siichukii, ina kazi yake. Nguvu yake ni kama mara mbili ya unga wa ngano, kwahiyo gramu 25 zinafanya kazi ya 50, inatoa sosi inayopitisha mwanga, na ni ya dakika moja: ikoroge na maji baridi, mimina kwenye sosi inayochemka, ikishakuwa nzito ihesabie dakika moja nyingine itoe. Kwa sahani inayotoka jikoni ikaliwa pale pale, sawa. Kwa bafe hapana, ile ya kukaa juu ya maji moto kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne, kila mgeni anakoroga, inalegea mpaka inarudi maji, wakati ya ruu inasimama. Ukiitia friza ndo basi, ikiyeyuka inajitenga maji kivyake.

Umaliziaji wangu ni wa kwetu. Badala ya krimu ya kopo natia kasimile nusu lita, tui la kwanza lile zito, mwisho kabisa moto ukiwa chini, likitokota sana linakatika, ingawa ndani ya sosi yenye ruu linastahimili zaidi kuliko likiwa peke yake. Ndimu naikamulia sosi ikishatoka motoni, maana ukali ukipikwa pamoja na wanga kwa muda unaupunguzia nguvu na sosi inalegea, tena harufu ya ndimu inapotea. Ndo hapo naonja na kutia chumvi. Inabaki kama lita 2 na robo tatu, na kwa upawa mdogo wa mililita 60 kila sahani napata sahani arobaini na kitu, kutoka kwenye mifupa iliyokuwa inakwenda jaani.

Stoki ukipika nyingi, ihifadhi ikiwa bado haijatiwa unga. Kwa joto letu usiiache juu ya meza ipoe yenyewe, itumbukize sufuria kwenye sinki la maji na barafu, koroga mpaka ipoe, tia kwenye makopo ya lita moja, andika tarehe, friza.