Kabla Hujakubali Kupigiwa Windows, Fungua Task Manager

Jumamosi iliyopita binti wa dada yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari huko Mbagala, alifika kwangu na laptopu yake akiwa amechoka kabisa. Tulipomaliza kusalimiana alisema, "Mjomba, wiki tatu zilizopita fundi alipiga Windows, alama za wanafunzi wangu zikapotea zote, na sasa mashine imerudi kuwa nzito vilevile." Duka moja la Kariakoo lilimtoza shilingi 20,000 kwa kazi hiyo. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na nakala ya mafaili yake, wala hakuna aliyeketi dakika tano kutazama ni kitu gani kilichokuwa kikiilemea mashine ile.

Jambo hili limenikera kwa sababu Windows yenyewe huonyesha kinachoilemea, bure, kwa mtu yeyote anayebonyeza `Ctrl + Shift + Esc`. Dirisha la Task Manager likifunguka dogo na tupu, bonyeza More details chini yake. Fundi anayefuta diski ya mtu kabla ya kulitazama dirisha hilo hajatibu kitu, kwa kuwa hajui anachokitibu.

Tuliiwasha laptopu yake huku nikipima muda kwa simu. Ni mashine ya mtumba yenye Windows 10, kumbukumbu ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi Word kukubali kuandika herufi ya kwanza zilipita dakika tisa. Katika ukurasa wa Processes, safu ya Disk ilisimama kwenye 100% kwa zaidi ya dakika sita, safu ya Memory ilikuwa 86% kabla hajafungua chochote, lakini CPU ilikuwa chini ya 30%. Tofauti hiyo ndiyo iliyonipa jibu: prosesa haikuwa imechoka, bali ilikuwa inaisubiri diski.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwenye laptopu ya zamani alielewe. Diski ya kuzunguka ina kichwa kimoja cha kusoma kwa kila uso wa sahani, na vichwa hivyo vyote husogea pamoja kama meno ya uma. Programu moja ikiomba faili lililo mwanzoni mwa diski na nyingine ikaomba lililo mwishoni, vichwa hukimbia huku na huko, na muda mwingi huishia katika kusogea badala ya kusoma. Programu kumi na nne zikiamka kwa wakati mmoja, kila moja ikidai mafaili yake, hakuna hata moja inayohudumiwa vizuri. Kisha kumbukumbu inapojaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya yaliyomo kwenye diski hiyohiyo ambayo tayari imezidiwa, na hapo ndipo mshale wa kipanya unapoanza kuganda. Diski ya SSD haina kitu kinachosogea, na kwa hiyo orodha ileile ya programu huisumbua kidogo sana. Ukitaka kujua yako ni ya aina gani, fungua ukurasa wa Performance, bonyeza Disk 0, na utaona imeandikwa HDD au SSD.

Programu hizo kumi na nne tulizikuta katika ukurasa wa Startup, ambao katika Windows 11 huitwa Startup apps. Safu ya kutazama ni Startup impact. Neno High humaanisha kwamba programu hiyo, wakati mashine inawaka, ilitumia zaidi ya sekunde moja ya prosesa au zaidi ya MB 3 za diski. Binti alikuwa na sita za namna hiyo: Skype, Spotify, uTorrent, OneDrive na antivairasi mbili tofauti ambazo fundi alimwekea pamoja na rundo la programu ambazo hakuziomba. Antivairasi mbili ni kosa lisilovumilika, kwa maana kila faili linalofunguliwa huweza kukaguliwa na zote mbili, na kila ukaguzi ni safari nyingine ya diski. Moja tuliiondoa kabisa kupitia Settings, Apps, kwani kuizuia isiwake pekee hakutoshi.

Nyingine tulizibonyeza kwa kitufe cha kulia na kuchagua Disable. Kitendo hicho hakifuti programu. Spotify bado itafunguka siku atakapoihitaji. OneDrive ilinipa shaka, kwa kuwa kama angekuwa ameingia humo, huenda alama zake zingekuwa na nakala. Hakuwa ameingia, na kwa hiyo nayo tuliizima. Tuliacha Windows Security notification icon, programu ya sauti ya Realtek, ya padi ya kugusa, na antivairasi iliyobaki. Usiyoijua, soma kwanza jina la mtengenezaji wake katika safu ya Publisher kabla ya kuigusa.

Katika Edge, kwenye Settings, System and performance, tulizima Startup boost, ambayo hukiacha kivinjari kikiwa tayari kwenye kumbukumbu hata kama hujakifungua. Vilevile, kwa sababu ya umeme kukatika mara kwa mara, alikuwa ameiweka mashine katika Power saver, ambayo hupunguza kasi ili kuokoa chaji. Tuliirudisha kwenye Balanced.

Kitu cha mwisho kilimshangaza yeye zaidi. Katika Performance, chini ya CPU, maneno Up time yalionyesha siku 19, ilhali yeye huizima laptopu kila usiku. Hiyo ni kazi ya fast startup: ukichagua Shut down, programu ulizofungua hufungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na programu zinazoendesha vifaa vya mashine huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho yake kama kilivyokuwa, pamoja na hitilafu zake. Restart ndiyo inayoanza upya kwelikweli. Sikumshauri aizime fast startup, kwa sababu kwenye diski ya kuzunguka inaharakisha kuwaka. Nilimwomba achague Restart mara moja kwa wiki.

Tulipoiwasha tena, Word ilifunguka baada ya dakika tatu na nusu, na Memory ilikuwa 57%. Dakika tatu na nusu bado ni nyingi, na hakuna mpangilio utakaozipunguza sana. Kinachobaki ni kubadilisha diski kuwa SSD. Nakubali pia kwamba zipo siku ambazo kupiga Windows ni lazima, kwa mfano mafaili ya mfumo yanapokuwa yameharibika kiasi cha kutotengenezeka. Lakini iwapo umeshazima programu hizi na Disk bado iko 100% saa nzima huku kasi ya kusoma ikiwa karibu na sifuri, tazama Average response time. Ikiendelea kuonyesha maelfu ya milisekunde, diski yenyewe huenda inakufa, na kuipiga Windows mpya ni kuisukuma kaburini pamoja na kazi zako. Hapo nakili mafaili kwanza, siku hiyohiyo.

Alama za binti hazikupatikana, kwa sababu Windows mpya na wiki tatu za matumizi zilikuwa zimeandikwa juu yake. Alipoondoka aliniambia kwamba karatasi za mtihani za kidato cha pili bado ziko kabatini shuleni, na kwamba ataziingiza tena, moja baada ya nyingine.