Koti la tasnifu lishonwe pale makala zinapogongana

Waswidi huiita kappa, yaani koti: ile sehemu inayozivisha makala kadhaa zilizochapishwa ziwe tasnifu moja ya uzamivu. Makoti mengi ni mabovu, na kosa huwa lilelile. Sura unganishi, ile sehemu ya koti inayokaa kati ya makala na makala, inasema, "Makala ya kwanza ilionyesha hili, sasa tutazame ya pili." Hilo ni tangazo la kondakta.

Kazi ya sura hiyo ni kusema yale ambayo makala zenyewe haziwezi kusema, hasa pale zinapogongana. Tuchukue mfano wa kubuni: tasnifu ya vyandarua yenye makala tatu. Ya kwanza ni ya hojaji ya kaya, na ndani yake "mtumiaji" ni aliyelala ndani ya chandarua usiku uliotangulia. Ya pili ni mahojiano na akina mama kuhusu joto na ufinyu wa vyumba. Ya tatu inapima kama elimu ya nyumba kwa nyumba inasaidia, lakini kwa kuwa mhakiki mmoja alishikilia hivyo, "mtumiaji" sasa ni aliyelala ndani yake angalau siku nne kati ya saba. Ya kwanza inatoa asilimia 71. Ya tatu, kabla hata elimu haijaanza, inatoa 58. Mtahini ataona anguko ambalo huenda halipo, na swali la kwanza ukumbini litakuwa hilo.

Makala iliyokwisha kuchapishwa haiguswi. Kwa hiyo kurasa mbili kabla ya makala ya tatu ziweke vipimo viwili bega kwa bega, ziseme kwa nini kipimo kilibadilika, na zieleze kipi kinabeba hoja ya tasnifu nzima. Kama hojaji ya kwanza iliuliza pia siku saba zilizopita, data zihesabiwe upya kwa kipimo cha pili na jedwali liwekwe hapohapo. Kama haikuuliza, andika waziwazi kwamba tarakimu hizo mbili hazilinganishwi. Na ukikuta kosa la kweli la hesabu, mwandikie mhariri wa jarida akuchapishie sahihisho, kisha ulitaje kwenye koti; usilifute kimyakimya kwenye nakala ya tasnifu, maana mtahini anaweza kuwa na ile ya jarida mezani.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama uzi umeshika. Badilisha mpangilio wa makala, ya pili iwe ya kwanza, halafu soma sura unganishi bila kuzirekebisha. Zikiendelea kuleta maana, hazijaunganisha kitu. Katika mfano wetu, sentensi inayopaswa kuvunjika ni hii: hojaji ilionyesha kaya zenye vyandarua vya kutosha ambazo bado hazivitumii, na hojaji haiwezi kueleza sababu, ndipo mahojiano yakahitajika.

Mpangilio huo, kwa njia, ufuate hoja, si tarehe za kuchapishwa. Majarida hayachapishi kwa zamu ya mawazo yako.