Ukiongeza fenitoini ya mtoto, ongeza kidogo

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo wenzangu wa famasi na wa wodini watakaoubishia: mtoto mwenye kifafa anayetumia fenitoini asiongezewe dozi kwa nusu nzima, sembuse mara mbili, hata kama majibu ya damu yamerudi chini na degedege bado linamrudia.

Chukua mtoto wa kilo 20 aliyeletwa na degedege ambalo diazepamu imeshindwa kulikata. Dozi ya kuanzia ni miligramu 20 kwa kila kilo, yaani 400. Inatiwa kwenye maji ya chumvi, kwani kwenye dripu ya glukosi hujitenga ikawa chembechembe. Inaingia kwa muda usiopungua dakika 20, mapigo ya moyo yakifuatiliwa, maana ikikimbizwa hushusha presha. Kazi yake ni kuujaza mwili mara moja, na hapo hesabu ni nyoofu. Damu ikichukuliwa baada ya saa mbili tangu dripu iishe, ikasoma miligramu 13 kwa lita, nawe unataka 18, zidisha lile pengo la 5 kwa 0.7, kisha kwa kilo 20. Unapata 70, na hiyo ndiyo nyongeza.

Matata huja kwenye dozi ya kuendelea, inayoanza kama saa 12 baadaye. Tunaanza na miligramu 5 hivi kwa kilo kwa siku. Tuseme mtoto wetu anapewa dawa ya maji yenye miligramu 30 kwenye kila mililita 5: mililita 8 asubuhi na 8 usiku, jumla miligramu 96. Baada ya wiki mbili au zaidi, damu iliyochukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi inasoma 8. Kiwango tunachokitafuta ni kati ya 10 na 20, kwa hiyo mkono unawasha kuongeza.

Ini huivunja fenitoini kwa vimeng'enya vyenye kikomo. Ni kama mashine ya kusaga: ikishafika mwisho wa kasi yake, mahindi unayozidi kumimina yanarundikana tu. Nimepiga hesabu ya mtoto huyu kwa kuchukulia kwamba vimeng'enya vyake hufika nusu ya uwezo wao damu ikiwa na 4. Akiongezewa mililita 1 kwa kila dozi, damu itatulia kwenye 12. Akiongezewa 2, itafika 20. Akiongezewa 4, ile nusu ninayoikataa, haitatulia kabisa. Itapanda kila siku hadi mtu ashtuke. Kila mtoto ana ini lake, kwa hiyo namba zitatofautiana, ila mwenendo ni huohuo.

Na kabla hata ya hiyo mililita 1, ile 8 yenyewe ina maswali. Albumini yake ni ngapi? Sehemu kubwa ya fenitoini damuni imeshikana na albumini, na inayofanya kazi ni ile iliyo huru. Mtoto mwenye kwashakoo aliye na albumini ya gramu 2 kwa desilita, 8 yake inagawanywa kwa 0.5 (0.2 mara 2, jumlisha 0.1), inakuwa 16. Ni makadirio, tena kanuni hiyo haikutungwa kwa watoto, lakini inatosha kukuzuia usimwongezee mtoto ambaye tayari ana dawa ya kutosha.

Swali lingine namuuliza mama: "Mama, chupa huwa unaitikisa kabla ya kumimina?" Dawa hii hutuama. Asiyeitikisa humpa mtoto maji matamu wiki ya kwanza, na mwisho wa chupa humpa dawa nzito. Kipimo cha 8 kilichochukuliwa chupa ikiwa mpya hakisemi lolote kuhusu ini. Mama huyo aonyeshwe kutikisa, dozi ibaki ileile, damu irudiwe. Na lebo isomwe upya kila chupa ikibadilika, kwani iko dawa ya maji iliyo na miligramu 125 kwenye mililita 5 zilezile.

Hospitali nyingi za wilaya hazina kipimo hiki, na hapo ndipo watu huongeza kwa kubahatisha. Lakini macho ya mtoto yapo. Mwambie afuate kidole chako kwenda pembeni: yakianza kurukaruka, mara nyingi kiwango kimeshapita 20. Akitembea anayumba kama mlevi, kiko juu zaidi. Ikizidi mno, fenitoini yenyewe huweza kuleta degedege, na daktari asiyelijua hilo ataandika nyongeza nyingine. Mtoto anayeyumba na macho yanaruka asipewe hata tone la ziada; dozi zisimamishwe kwanza, na daktari aamue lini zirudi na kwa kiasi gani.