Akadirie kwanza, asahihishe baadaye: shajara ya hesabu katika Gredi ya 5

"Nina watoto 62 na dakika 35. Nikiwaambia wajitathmini, nusu yao wanajipa Kuzidisha Matarajio na waliobaki wanaiga jirani. Hiyo shajara ya ujifunzaji itanisaidia nini?" — Mwalimu wa Gredi ya 5, Eastlands

Ikiwa ni ile shajara ambayo mtoto anachora uso unaotabasamu na kuandika "leo nimeelewa vizuri", haitakusaidia, na mwalimu aliyeiacha ameokoa muda wake. Lakini kilichoshindwa hapo ni swali aliloulizwa mtoto. Ngazi nne za rubriki, kuanzia Kuzidisha Matarajio hadi Mbali na Matarajio, zimeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayeujua mtaala. Mtoto wa miaka kumi akiulizwa yuko ngazi gani hana kitu cha kulinganisha nacho, kwa hiyo anataja ngazi anayoitamani au ile anayodhani itamfurahisha mwalimu. Tukimwita mwongo au mvivu wa kufikiri tunamwonea.

Mwaka 1989 mtafiti wa Australia, Royce Sadler, alitaja mambo matatu ambayo mwanafunzi anahitaji ili apande kutoka alipo: ajue kazi nzuri ikoje, aweze kuilinganisha na yake, kisha afanye kitu cha kuziba pengo. Shajara nyingi za shuleni humpa mtoto jambo la pili peke yake, tena bila la kwanza. Utaratibu ninaoutetea hapa unashika yote matatu, nao unaanza na somo moja tu. Nachagua hesabu, kwa sababu jibu la hesabu mtoto anaweza kulikagua mwenyewe.

Usinunue daftari jipya. Geuza daftari la hesabu na utumie kurasa zake za mwisho, ili kazi na kumbukumbu yake vikae mahali pamoja. Mtoto apige mistari apate safu sita: tarehe, ninachopaswa kuweza, makadirio, alama, kosa langu, hatua yangu. Siku iwe moja kwa wiki, na isibadilike. Tuseme Alhamisi.

Alhamisi hiyo mwalimu anaandika ubaoni maswali matano ya jambo moja lililofundishwa wiki hiyo. Watoto wanafanya kwa kalamu ya wino kwa dakika nane. Kabla jibu lolote halijatajwa, kila mmoja anaandika kwenye safu ya makadirio anadhani amepata mangapi kati ya matano. Hiyo ni dakika moja, na ndiyo dakika inayobeba utaratibu mzima. Kisha kalamu za wino zinawekwa chini, zinashikwa penseli za rangi, na mwalimu anaandika majibu pamoja na njia. Usahihishaji unachukua dakika nne. Dakika tatu za mwisho ni za safu mbili zilizobaki. Jumanne inayofuata kuna maswali mawili ya aina ileile, dakika tano, ili ionekane kama hatua imefanya kazi.

Angalia inavyokwenda katika kujumlisha sehemu ambazo asili, yaani nambari ya chini, si sawa. Maswali ni haya: 1/2 + 1/4, 2/3 + 1/6, 3/10 + 2/5, 1/3 + 2/9 na 3/4 + 1/8. Mtoto mmoja anakadiria 5 na anapata 1. Ukifungua kazi yake unaona kwamba hakubahatisha. Katika 2/3 + 1/6 amegeuza asili ya kwanza ikawa 6, sawa kabisa, lakini nambari ya juu ameiacha 2 ileile. Amepata 2/6 + 1/6, yaani 3/6. Amefanya vivyo hivyo katika 3/10 + 2/5 akapata 5/10, katika 1/3 + 2/9 akapata 3/9, na katika 3/4 + 1/8 akapata 4/8. Swali la kwanza pekee limemnusuru, kwa kuwa nusu na robo anazijua tangu nyumbani na hakuhitaji kanuni.

Makadirio yake ya 5 yalikuwa ya kweli. Alikuwa na njia moja, ikamtii katika maswali manne bila kumkwamisha popote, kwa hiyo hakuona sababu ya shaka. Mwalimu anayetazama alama pekee anaona 1 na kumweka pamoja na mtoto aliyekadiria 1 akapata 1. Watoto hawa wawili wanahitaji vitu tofauti. Wa pili anajua kwamba hajui na anangoja kufundishwa. Wa kwanza haoni haja ya kusikiliza marudio, maana kwa hesabu yake jambo hilo limekwisha. Hili pengo kati ya makadirio na alama ndilo ambalo mtihani wa kawaida haulionyeshi, nalo ni sababu tosha ya kuwa na shajara.

Lipo pia pengo la upande wa pili, ambalo hupita kimya zaidi. Mtoto anakadiria 2 na kupata 5, wiki baada ya wiki. Katika darasa la watoto 62 huyu hasumbui mtu, alama zake ni nzuri, na jina lake halitajwi popote. Ila hanyooshi mkono, na hesabu ikiwa ngeni kidogo anaiacha wazi badala ya kuijaribu. Akiona safu mbili zikipishana wiki nne mfululizo, yeye mwenyewe ana ushahidi wa kumfanya ajaribu.

Rudi kwa mtoto wetu wa 3/6. Akiachwa, kwenye safu ya hatua ataandika "nitasoma kwa bidii". Sentensi hiyo ikatazwe tangu wiki ya kwanza, maana haiwezi kukaguliwa Jumanne. Hatua lazima iwe kitendo kinachoonekana kwenye karatasi. Kwa kosa hili ingesomeka hivi: "Nabadilisha chini, nasahau juu. Nitaandika mara ngapi chini na mara ngapi juu kabla ya kujumlisha." Aongezewe ukaguzi mmoja: jumla lazima iwe kubwa kuliko kila sehemu iliyojumlishwa. 3/6 ni nusu, nayo ni ndogo kuliko 2/3 aliyoanza nayo. 3/9 ni 1/3 ileile, kana kwamba hakuongeza chochote. 4/8 ni ndogo kuliko 3/4. Makosa matatu kati ya manne yanajifichua bila mwalimu. La nne, 5/10, halijifichui kwa sababu nusu inazidi 2/5, na ni vizuri watoto waone kwamba ukaguzi huu una mpaka. Jumanne anapewa 1/4 + 3/8 na 1/2 + 3/10. Akipata 5/8 na 8/10, anaandika tarehe kando ya hatua yake na kuifunga.

Sasa pingamizi. La muda ni zito, na halifai kupuuzwa. Gredi ya 5 ina vipindi vitano vya hesabu kwa wiki, yaani dakika 175. Utaratibu huu unakula 16 Alhamisi na 5 Jumanne, jumla 21, karibu asilimia 12. Kwa mwalimu anayekimbizana na mada hadi mwisho wa muhula hiyo ni sehemu kubwa. Ila zihesabiwe vizuri: dakika nane za maswali, nne za kusahihisha na tano za Jumanne ni zoezi na marudio ambayo mwalimu makini angetoa hata hivyo. Kilichoongezwa kwa kweli ni dakika moja ya makadirio na tatu za kuandika. Ukilinganisha na kubeba madaftari 62 nyumbani na kuyawekea alama za vema ambazo mtoto hazisomi, nadhani dakika nne ni bei ndogo.

Na mwalimu hasomi shajara zote. Anachukua kumi kwa wiki, kwa zamu, hivyo darasa zima linapitiwa katika wiki saba. Kwa waliobaki, anauliza Alhamisi hiyohiyo ni nani ana pengo la mawili au zaidi, na hao ndio anaokaa nao kwanza.

Pingamizi la pili ni udanganyifu, na hapa wakosoaji wana haki kuliko watetezi wanavyokubali. Siku shajara itakapoingia kwenye alama, itaharibika. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4 hadi 6 zilipangiwa asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa shule ya msingi, na KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6 nchini Kenya, asilimia 40. Kwa hiyo shinikizo la kufanya kila karatasi iwe alama ni kubwa, na mtoto analihisi. Namba za shajara zisipelekwe kokote, zisibandikwe ukutani, na zisisomwe kwa sauti. Nashauri pia mzazi asitakiwe kuitia sahihi. Anaruhusiwa kuiona, lakini sahihi inaigeuza kuwa ripoti, na mtoto huanza kuandika anachotaka mama akione. Dalili za kuharibika ni rahisi kuzitambua: makadirio yanalingana na alama kila wiki bila kukosea, jibu la wino limeandikwa juu ya jingine, au dawati zima lina hatua yenye maneno yaleyale. Ukiziona, usiadhibu. Tazama kama majibu yalitajwa kabla ya makadirio, maana mara nyingi kosa ni la mpangilio huo.

La tatu ni lugha. Kuanzia Gredi ya 4 hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto akilazimishwa kueleza kosa lake kwa lugha hiyo atanakili sentensi ya kitabuni. Aruhusiwe kuandika kwa Kiswahili, au kunakili hesabu iliyokosewa na kuizungushia duara mahali ilipoharibikia. Anayesoma kwa shida asinyimwe shajara kwa sababu ya kalamu.

Katika wiki mbili za kwanza watoto wasijiandikie kitu. Mwalimu aweke ubaoni kazi ya mtoto wa kubuni, si ya mtoto wa darasa hilo, nao wakadirie, wasahihishe na kumtungia hatua kwa pamoja. Ukiruka wiki hizo, utapata "nitasoma kwa bidii" mara 62.

Insha haiwezi kuingizwa kwenye safu hizi jinsi zilivyo, kwa kuwa haina majibu matano ya kuhesabu. Hapo makadirio yawe juu ya jambo moja linaloweza kuguswa kwa kidole, kwa mfano aya ngapi zimeanza na wazo jipya. Na kama hatua ileile imeandikwa Alhamisi tatu mfululizo bila kufungwa, mtoto huyo asiambiwe aandike tena. Afundishwe upya, kwa vipande vya karatasi vilivyokunjwa na kukatwa, hadi aone kwa macho kwamba theluthi mbili ni sudusi nne.