Elfu sabini za kutazama tu

Ijumaa nilimdhalilisha fundi wangu wa milango mbele ya vijana wake. Nilimwambia "subiri dakika mbili nikutumie", nikabonyeza simu, ikajibu kwamba salio halitoshi. Nikabonyeza tena, kana kwamba mara ya pili benki ingenionea huruma. Na muda huohuo skrini ilikuwa inanionyesha 72,700!

Chini yake, kwa herufi ndogo za aibu, kulikuwa na mstari mwingine: Available balance 4,200.

Mambo yalikuwa hivi. Akaunti ilikuwa na 4,200. Saa kumi kasoro robo nikaweka cheki ya 68,500 ya mteja, pale katikati ya jiji, keshia akanigongea muhuri, na kabla sijafika stejini ujumbe ukaingia kwamba akaunti yangu imeongezewa 68,500. Imeongezewa! Sasa Mswahili ukimwambia ameongezewa, unataka aelewe nini?

Ukweli ni kwamba benki ilikuwa imeandika tu. Salio la juu ni daftari: kila kilichoingizwa, hata kile kinachongoja jibu. La chini ndilo unaloweza kugusa. Cheki ni barua ya mteja kwa benki yake, akisema mlipeni huyu, na mpaka benki hiyo ikubali, kilichoko mkononi ni barua.

Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi ya nyuma ya kaunta ndiye aliyenifungua macho. Hapa Kenya, tangu 2011 karatasi yenyewe haisafiri. Benki yangu inapiga picha ya cheki, inasoma zile namba za chini, na vyote viwili vinapita kwenye mfumo wa pamoja unaosimamiwa na chama cha mabenki hadi benki ya mteja. Huko ndiko wanakoangalia sahihi, tarehe, kama maneno na tarakimu vinakubaliana, kama mwenye cheki hajaizuia, na kama kuna pesa. Wakipata kasoro wanairudisha. Wasipopata, hawaandiki barua ya pongezi. Wananyamaza. Muda wa kurudisha ukipita bila cheki kurudi, ndipo inahesabika imelipwa.

Basi kumbe nilikuwa nangoja kimya! Siku moja ya kazi, kwa kawaida. Lakini yangu iliingia mchana umekwisha, ikahesabiwa ya Jumatatu, na Jumamosi na Jumapili hazimo katika hesabu. Jumatatu ikaenda, Jumanne ikaiva.

Haya, nakubali kwa shingo upande: benki ina haki ya kuzuia. Ikinipa 68,500 Ijumaa na cheki ibaunsi Jumanne, itakuwa imenikopesha bila kuniuliza, na mimi najijua, ningekuwa nimeshazila. Ninachogombana nacho ni huo ujumbe. Ungegharimu nini kuandika "cheki yako imepokelewa, pesa zitapatikana Jumanne"? Mfumo unaijua hiyo tarehe. Mimi ndiye nisiyeijua.

Na hapa sicheki tena, maana kuna watu wanaoishi kwa hilo pengo. Binamu yangu anauza makochi kando ya Ngong Road. Mteja alimpigia, "Dada, nimeshaweka kwa akaunti yako, angalia." Akaangalia: 84,000 zimo kwenye salio la juu. Makochi yakapakiwa kwenye pikapu jioni ileile. Siku mbili baadaye zile 84,000 zikafutwa jinsi zilivyoandikwa, akakatwa na ada ya cheki iliyorudi, na ile namba ya simu haipatikani mpaka leo. Angeangalia mstari wa chini tu, makochi yangelala dukani. Kwani aliyelipa pesa taslimu kwa kaunta, au kwa PesaLink, pesa zake huingia kwenye mistari yote miwili papo hapo. Mistari ikipishana kwa kiasi kilekile alichodai kuweka, basi ameweka cheki, hata akiapa.

(Si kila pengo ni cheki, jamani. Wakati mwingine ni kadi uliyopitisha petroli na kiasi kikashikiliwa, au akaunti ina kiwango cha chini kisichoguswa.)

Jumanne asubuhi nikaamka nikachungulia: 72,700 juu, 72,700 chini. Nikamtumia fundi zake kabla hata ya chai. Akapiga simu hapo hapo.

"Mzee, kumbe hiyo pesa ilikuwa imelala?"

Nikamwambia ilikuwa macho, ila ilikuwa inangoja ruhusa. Akacheka, halafu akaniambia mlango wa pili anataka malipo kwanza, na si kwa cheki.